Fahamu: Duka likipata tawi, idadi ya stoku ikae wapi?
Mfumo wa mauzo wa duka moja huweka jina, bei na idadi ya bidhaa pamoja. Likifunguliwa tawi la pili, njia ya mkato ni kuongeza `tawi_id` hapo hapo. Sukari inageuka bidhaa mbili na ripoti zinapishana. Hati makini ya usanifu huiacha bidhaa moja, na kuandika kila tukio la stoku pamoja na tawi lake. Wapo watakaosema kujumlisha matukio kutachelewesha kaunta. Basi jumla ihifadhiwe kando, ihakikiwe kila usiku. Ikitofautiana, matukio ndiyo yaaminiwe. Matukio husaidia pia mtandao ukikatika kisha ukarudi: stoku ikiwa 20 na kaunta zikituma jumla, moja iliyouza 3 hutuma 17, nyingine iliyouza 2 hutuma 18 na kufuta ya kwanza. Zikituma matukio, yaani −3 na −2, hubaki 15.