Kichwa Kikiuma, Je, Ni Presha?

Mtu akilalamika kisogo kinamuuma, jirani hangoji amalize: "Hiyo presha hiyo!" Na asiyeumwa kichwa hujihesabu mzima. Imani hii ya pili ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa presha ya kupanda kwa kawaida haiumi. Inaweza kukaa 160 kwa 100 miaka kadhaa ikiharibu figo, moyo na mishipa ya ubongo, huku mwenyewe akilima na kulala vizuri. Anayengoja kichwa kiume ndipo ameze dawa zake za presha hajitibu.

Tuseme mama wa miaka 48 anauza nguo sokoni. Kichwa kinamgonga tangu asubuhi. Anaingia duka la dawa, anapimwa hapohapo akiwa bado anahema: 188 kwa 112. Wote watasema presha imeleta kichwa, kumbe mara nyingi ni kinyume: maumivu na hofu ndivyo vinavyoipandisha. Akojoe kwanza, kisha akae dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Akipimwa tena akapata 162 kwa 98, si dharura, ila aende kliniki ndani ya siku chache. Kwa maumivu, parasetamoli inamfaa zaidi kuliko diklofenaki au ibuprofeni, ambazo zinaweza kuipandisha presha.

Sasa tuseme hata baada ya kupumzika kipimo kimebaki juu ya 180 kwa 120. Kama hana dalili nyingine, amwone daktari siku hiyohiyo au kesho yake, asijiongezee vidonge. Lakini kichwa kikiuma vikali pamoja na kutapika, kuona ukungu, kuchanganyikiwa, degedege, ulimi mzito, udhaifu wa upande mmoja, maumivu ya kifua au kukosa pumzi, hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo. Mishipa ya ubongo hujibana ili kuzuia damu isiingie kwa nguvu. Ikizidiwa, maji huvuja na ubongo huvimba, au mshipa hupasuka.

Hapo ndipo msamaria huleta kidonge cha presha cha kupasua chini ya ulimi. Asipewe. Presha ikiporomoka ghafla, ubongo na moyo hukosa damu, na mgonjwa anaweza kupata kiharusi kilekile alichokuwa anakimbizwa nacho. Hospitalini huishusha kwa kipimo, hatua kwa hatua, wakimwangalia.

Maumivu yanayofika kileleni ndani ya dakika moja, makali kuliko yote aliyowahi kuyapata, ni ya hospitali hata kipimo kikiwa kizuri.

Mjamzito asitumie namba hizo. Mimba ikipita wiki 20, na hata wiki chache baada ya kujifungua, kichwa kinachogoma kupoa pamoja na presha ya 140 kwa 90 kinaweza kuwa mwanzo wa kifafa cha mimba. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.