Maji Huingia kwenye Boksi, si kwenye Taa

Masika yakikolea, mafundi umeme wa Dar es Salaam hupigiwa simu za namna moja. Taa ya sensa ya uani inawaka haizimi, au breka inakata kila mvua inaponyesha na nyumba nzima inabaki gizani. Mara nyingi mwenye nyumba ameshanunua taa ya pili, nayo imeharibika kama ya kwanza. Fundi akipanda ngazi anakuta taa ni nzima kabisa. Kilichooza ni pale waya wa taa ulipoungwa na waya wa nyumba.

Sababu yake inaonekana dukani. Taa hizi za fladi za LED zenye sensa huwa zimezibwa kiwandani, na nyingi zimeandikwa IP65. Tarakimu ya kwanza, 6, inasema vumbi haliingii. Ya pili, 5, inasema taa inastahimili maji yanayorushwa kwa bomba. Lakini kutoka mgongoni mwa taa hiyo kinatoka kipande kifupi cha waya, kama shubiri moja au mbili, kinachoishia hewani. Kazi ya kiwanda imekomea hapo. Maungio yanayofuata ni ya fundi, na fundi mwenye haraka huyasokota, akayazungushia utepe mweusi na kuyasukumia nyuma ya taa. Utepe ule unazuia mtu asiguse shaba. Haukutengenezwa kuzuia maji. Jua la miezi miwili likishayeyusha gundi yake, unaanza kulegea, na mvua ikiingia ndani unayahifadhi maji yasitoke.

Tuchukue nyumba ya kawaida ya Kigamboni, ambayo mwenyewe anataka taa ya wati 30 kwenye kona ya nyuma, karibu na mlango wa jikoni. Taa ya wati 30 kwenye umeme wa volti 230 inavuta kama ampea 0.13 tu, kwa hiyo waya wa milimita za mraba 1.5 unaotumika kwenye taa za ndani unatosha bila wasiwasi. Swali ni umeme utachukuliwa wapi.

Wengi hukimbilia swichi ya taa ya jikoni kwa kuwa iko karibu na mlango. Shida ni kwamba katika nyumba nyingi boksi la swichi halina nyutro. Lina laivu inayoingia na waya mmoja unaorudi kwenye taa, basi. Taa ya sensa inahitaji laivu isiyokatika na nyutro, maana sensa yenyewe inakula umeme kidogo saa zote hata taa ikiwa imezima. Fundi asiye mwaminifu akikosa nyutro huiba eathi na kuitumia badala yake. Taa itawaka, lakini umeme utakuwa unarudi kupitia waya uliowekwa kwa ajili ya kuokoa maisha. Nyumba ikiwa na breka ya kuzuia uvujaji, ile yenye kitufe kilichoandikwa T, itakata papo hapo. Isipokuwa nayo, siku eathi itakapokatika njiani, vyuma vyote vilivyofungwa kwenye waya huo vinaweza kushika umeme. Kwa hiyo umeme wa taa yetu unachukuliwa darini, kwenye maungio ya taa ya jikoni, ambako laivu, nyutro na eathi zote zipo. Swichi yake ya peke yake inawekwa ndani, ikate laivu, ili taa iweze kuzimwa kabisa bila kugusa breka.

Kabla ya kufungua chochote, breka ya mzunguko huo inazimwa. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi. Kisha nyaya zinapimwa kwa mita: kwanza mahali penye umeme unaojulikana, halafu pale pa kufanyia kazi, halafu tena pale pa kwanza, ili ujue mita haikufa katikati. Bisibisi ya testa yenye kitaa kidogo inaweza kukudanganya, hasa mtu akiwa amesimama kwenye ngazi ya mbao.

Sasa tutoke nje, kwenye boksi. Linafungwa juu, chini ya upenu wa paa kama upo, na tundu la ukutani linatobolewa nyuma yake kabisa. Drili inaelekezwa ili tundu literemke kidogo kuelekea nje. Likiteremkia ndani, ukuta wenyewe utakunywa mvua na kuipeleka jikoni. Kebo ya nyumba inapita humo na kuingia boksini kwa mgongo. Kuna sababu ya kuipitisha huko badala ya pembeni. Kebo ya ndani ya nyumba ni bapa, na ile glandi ya plastiki, yaani kokwa yenye mpira inayokaza waya unapoingia boksini, imetengenezwa kubana kitu cha duara. Ukikaza glandi kwenye kebo bapa, pande mbili zinabaki na uwazi ambao kwa jicho huuoni ila maji yanaujua. Waya wa taa ni wa duara, huo ndio unaopita kwenye glandi, na unaingilia chini ya boksi. Usiingilie juu kamwe.

Waya huo usinyooke moja kwa moja kutoka kwenye taa hadi kwenye glandi. Uachwe ulegee na kushuka chini ya boksi kwanza, ndipo upande kuingia. Maji yanayotambaa juu ya waya yakifika kwenye kona ya chini yanadondoka, hayawezi kupanda. Ni jambo dogo linalogharimu sentimita 10 za waya, na linaokoa boksi kuliko mkebe mzima wa silikoni.

Kuhusu silikoni, pakwa duara nyuma ya boksi kuzunguka tundu kabla ya kulifunga, ziba tundu la ukutani, halafu piga mstari juu ya boksi na pande zake mbili linapokutana na ukuta. Upande wa chini uache wazi. Watu hubisha hapa, lakini maji yakipata njia nyuma ya boksi yanatakiwa yawe na pa kutokea. Angalia pia aina ya silikoni. Ile inayonuka kama siki ikikauka inatoa asidi, na asidi hiyo inakula shaba. Tafuta isiyo na harufu hiyo, na hata hivyo usiijaze ndani ya boksi juu ya maungio. Siku ya matengenezo fundi hataweza kufungua kitu, na unyevu uliofungiwa chini yake hautoki.

Unyevu wenyewe hauhitaji mvua. Boksi lililopigwa na jua mchana hewa yake hupanuka na kutoka nje kidogo. Usiku likipoa, linavuta hewa ya nje, na hewa ya Kigamboni ina unyevu na chumvi ya bahari. Matone yanatokea ndani ya boksi lililofungwa vizuri kabisa. Dawa yake ni kitundu cha milimita 5 katika sehemu ya chini kabisa ya boksi. Mengine yana alama ya mahali pa kukitoboa. Kweli, ukitoboa boksi la IP65 si IP65 tena, na mahali panapopigwa na bomba la kuoshea gari singefanya hivyo. Chini ya upenu, kitundu kinafaa kuliko maji yaliyolala ndani. Gundisha kipande cha chandarua juu yake kwa ndani, la sivyo sisimizi watahamia.

Maungio ndani ya boksi yanafanywa kwa konekta za skrubu: kahawia kwa kahawia, buluu kwa buluu, kijani yenye mistari ya njano kwa mwenzake. Nyumba ya zamani inaweza kuwa na nyekundu kwa laivu na nyeusi kwa nyutro, lakini rangi ni madai tu mpaka mita ithibitishe. Waya wa taa una nyuzi nyembamba nyingi. Zisokote na kukunja ncha mara mbili kabla ya kuziingiza, kisha vuta kila waya kwa mkono kuona kama umeshika. Taa yenye alama ya mraba ndani ya mraba haina waya wa eathi, wala haihitaji; eathi ya nyumba fungia kwenye konekta yake humo humo boksini, usiikate. Mwisho futa mchanga kwenye mpira wa mfuniko. Chembe moja ikibaki chini yake, mfuniko haukai, hata skrubu zikazwe vipi.

Kisha taa yenyewe. Sensa haioni mtu. Inaona joto linalohama kutoka sehemu moja ya lenzi kwenda nyingine. Mtu anayekatiza mbele yake inamkamata mapema, anayeijia moja kwa moja inachelewa kumwona. Ifunge kama mita 2.5 kutoka ardhini, iangalie njia ambayo mtu ataikatiza, na isielekee barabarani, kwenye bomba la moshi wa jiko wala kwenye mashine ya nje ya kiyoyozi. Usiku wa joto kali wa Februari, mwili na ukuta vikikaribiana joto, itaona umbali mfupi zaidi. Hilo si kosa la fundi.

Ukirudisha umeme, usishtuke taa ikiwaka yenyewe. Sensa nyingi huchukua kama dakika moja kujitayarisha. Kitufe cha TIME kishushe mwisho na cha LUX kipeleke kwenye alama ya jua, ili uweze kujaribu mchana. Tembea, uone inawaka na kuzima. Jua likizama ndipo urudishe LUX kwenye mwezi, na TIME uweke dakika moja au mbili. Ikiendelea kuwaka bila kuzima, iangalie inatazama nini kabla ya kumlaumu mtu: mara nyingine ni ukuta mweupe unaorudisha mwanga wake wenyewe, au tawi la mwembe linalopepea mbele ya ukuta wenye joto.

Breka ikianza kukata siku za mvua tu, na siku za jua ikatulia, nenda moja kwa moja kwenye boksi. Zima breka, pima, fungua mfuniko. Shaba yenye kutu ya kijani kwenye skrubu za konekta inaonyesha kuwa maji yamekuwa yakiingia kwa muda. Kata waya hadi pale shaba inapong'aa, weka konekta mpya, kisha tafuta njia ya maji kabla ya kufunga. Kubadilisha konekta peke yake kutakurudisha ngazini masika yajayo.

Kazi ya kuchukua umeme darini mpe fundi mwenye leseni ya EWURA. Lakini akimaliza, kabla hajashusha ngazi, mwombe akuonyeshe mambo matatu: waya unaingia kwa chini, umelegea kabla ya kupanda, na upande wa chini wa boksi haukupakwa silikoni. Asipoweza kukuonyesha, kazi bado haijaisha.