Mende wa Chumbani: Sarufi ya Kiswahili katika Kuchuja Maoni ya Wateja na Kujibu Malalamiko

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna msimamizi wa maoni ya wateja anavyoweza kutofautisha lalamiko kali na tusi katika Kiswahili. Inaonyesha kwamba orodha ya maneno yaliyopigwa marufuku, ambayo ndiyo nyenzo ya kwanza ya tovuti nyingi, hufuta maoni yasiyo na kosa na kuyaacha yenye dharau, kwa sababu dharau ya Kiswahili mara nyingi hukaa katika viambishi, upatanisho wa kisarufi na urejeleo. Aidha, makala inachunguza lugha ya kumjibu mteja ambaye maoni yake yameondolewa, hususan uchaguzi kati ya pole na radhi, na kati ya kauli ya kutendeka na kauli inayomtaja mtenda. Mifano ya maoni imetungwa kwa ajili ya makala hii.

1.0 Utangulizi

Nyumba ya wageni inapofungua ukurasa wa maoni katika tovuti yake, huwa imejitwika wajibu wa aina mbili unaovutana. Upande mmoja ni wajibu kwa mteja aliyelipa na ambaye ana haki ya kusema kwamba godoro lilikuwa bovu. Upande wa pili ni wajibu kwa mtu anayetajwa katika maoni hayo, awe mhudumu wa mapokezi au mgeni wa kabila fulani, ambaye naye ana haki ya kutodhalilishwa. Msimamizi akichuja kupita kiasi, anaunyamazisha ukweli; akichuja kidogo mno, anaikodisha kuta yake kwa watukanaji. Swali la makala hii ni la kiisimu: ni wapi katika sentensi ya Kiswahili tusi hukaa, na msimamizi alitafute vipi?

2.0 Orodha ya maneno na umbo la neno la Kiswahili

Mifumo mingi ya kuendesha tovuti humpa msimamizi kisanduku cha kuandika maneno yasiyotakiwa. Katika WordPress vipo viwili: `Comment Moderation`, ambacho huyazuia maoni yasubiri kusomwa, na `Disallowed Comment Keys`, ambacho huyatupa moja kwa moja kwenye kapu la taka. Jambo ambalo wasimamizi wengi hawalioni ni kwamba visanduku vyote viwili hutafuta mfuatano wa herufi hata ukiwa ndani ya neno jingine.

Tuchukue neno "mbwa", ambalo mtu akiitwa kwalo ametukanwa. Msimamizi analiandika katika orodha. Kisha mteja anaandika: "Chumba kilipambwa vizuri, ila niliombwa malipo ya kifungua kinywa mara mbili." Maoni haya yanatupwa, tena kwa makosa mawili, kwa kuwa kilipambwa na niliombwa yote yana mfuatano huo. Kauli ya kutendwa ya vitenzi pamba, omba, umba na fumba huzaa herufi hizo kila mara. Kwa hiyo mteja mwenye lalamiko la haki kuhusu fedha yake anatoweka, na hakuna anayejua.

Mtaalamu wa kompyuta atashauri litafutwe neno zima tu, kwa mipaka yake:

```
\bmbwa\b
```

Ushauri huu huwaokoa waliopambwa na walioombwa, lakini haugusi tatizo la upande wa pili. Mtukanaji wa Kiswahili hana haja ya kuandika mbwa. Huandika jibwa, majibwa au kijibwa. Katika maumbo hayo m ya mwanzo imeondoka, hivyo hakuna utafutaji wowote kati ya hiyo miwili utakaoyanasa. Kadiri tusi linavyokuwa kali zaidi, ndivyo umbo lake linavyozidi kuwa mbali na umbo lililo katika kamusi.

Haimaanishi kwamba orodha itupwe. Maana yake ni kwamba orodha ya Kiswahili iwekwe katika kisanduku cha kuzuia maoni yasubiri kusomwa, si katika kile cha kutupa. Kazi yake iwe kumwonyesha msimamizi pa kutazama, na uamuzi ubaki kwa msomaji.

3.0 Dharau iliyo katika upatanisho

Akishayasoma maoni yaliyosubirishwa, msimamizi huhitaji kigezo. Kigezo cha kwanza kinatokana na kanuni inayojulikana: nomino ya mtu, hata ikiwa na umbo la ngeli nyingine, huchukua upatanisho wa A-WA. Twasema kiongozi amefika na kijana huyu, si kiongozi kimefika wala kijana hiki. Mwandishi anayeuvunja upatanisho huo kwa makusudi humwondoa mtu katika ngeli ya watu.

Linganisha sentensi hizi: "Mzee wa mapokezi anawafokea wageni" na "Lile jizee la mapokezi linafoka kama limelazimishwa kazi." Ya kwanza ni lalamiko; meneja anaweza kulichunguza. Ya pili ina habari ileile, lakini haina hata neno moja ambalo lingeingia katika orodha ya matusi. Dharau yote imebebwa na kiambishi ji- pamoja na upatanisho wa li-. Msimamizi anayesoma maneno mojamoja ataipitisha. Anayesoma sarufi ataisimamisha.

Kigezo hiki kina mipaka, na mipaka hiyo inahusu hasa nchi zetu jirani. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, na katika mazungumzo ya baadhi ya maeneo ya bara, kionyeshi ile hutumika hata kwa watu bila nia mbaya. Mteja aandikaye "ile muzee ya mapokezi" huenda anasema tu kama wasemavyo nyumbani. Vivyo hivyo, udogishaji wa ka- katika katoto unaweza kuwa wa mapenzi. Kwa hiyo upatanisho usiokuwa sanifu pekee hautoshi kuthibitisha tusi. Ushahidi huwa na nguvu pale mwandishi huyohuyo anapopatanisha vyema nomino nyingine zote, kisha akabadili ngeli kwa mtu mmoja tu.

4.0 Neno la kawaida linalogeuzwa silaha

Kuna aina ya maneno ambayo upatanisho hauwezi kuyapambanua. Mfano mzito katika ukanda wetu ni mende. Nchini Rwanda neno inyenzi, lenye maana hiyo, lilitumiwa dhidi ya Watutsi, na mwaka 1994 lilirudiwarudiwa na redio ya RTLM wakati wa mauaji ya kimbari. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoketi Arusha, ilitoa hukumu katika kesi ya vyombo vya habari Desemba 2003. Nchini Kenya, Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano iliorodhesha mwaka 2022, kabla ya uchaguzi mkuu, maneno yanayoweza kuchochea chuki. Miongoni mwake yamo mende, kwekwe na madoadoa.

Sasa mgeni anaandika: "Mende wamejaa chooni." Mwingine anaandika: "Mende hawa warudi kwao." Mdudu naye huchukua A-WA, hivyo sarufi ya ngeli haitusaidii. Kinachosaidia ni urejeleo: je, neno lina mahali au kitu halisi linachokielezea? Mende wa sentensi ya kwanza wana choo; wa pili wana "kwao", na mdudu hana kwao pa kurudishwa. Madoadoa ya shati lililofuliwa vibaya yana shati. Madoadoa ya "tuondoe madoadoa mtaani" hayana kitu yaliyoko juu yake isipokuwa watu. Kwekwe za mteja wa dawa ya kilimo zina shamba.

Hukumu ya maoni haya mawili ni tofauti kabisa. La kwanza libaki, hata kama linaiumiza biashara. La pili liondolewe mara moja, lihifadhiwe nakala pamoja na tarehe, na mwandishi asialikwe kuliandika upya, kwa maana hakuna lalamiko ndani yake la kuokolewa.

5.0 Kumjibu aliyeondolewa maoni

Kati ya maoni safi na maoni ya chuki kuna kundi la tatu: lalamiko la kweli lililochanganywa na dharau. Tuseme mgeni ameandika: "Mende wamejaa chooni. Nimelipishwa kifungua kinywa mara mbili. Lile jizee la mapokezi linafoka tu." Msimamizi ameyaondoa. Siku ya pili mgeni anaandika: "Mmefuta maoni yangu kwa sababu mnaficha uchafu wenu." Jibu la kawaida huwa hili:

"Pole kwa usumbufu wowote uliojitokeza. Maoni yako yalifutika kwa kuwa yalikiuka masharti. Soma masharti yetu."

Kila kitenzi hapa kinakimbia wajibu. Pole humfariji mtu kwa jambo lililompata. Lilipotoka kwa msemaji mwenyewe, adabu hudai radhi au samahani. Uliojitokeza hufanya usumbufu ujizae wenyewe. Yalifutika, kwa kiambishi chake cha kutendeka, hudai kwamba maoni yalitoweka bila mkono wa mtu. Hatimaye inakuja amri kavu, soma, mahali ambapo dhamira tegemezi ingetosha. Mgeni aliyeshuku kwamba anafichwa, sasa ana hakika.

Jibu linalofaa huweka mtenda mahali pake na kulitenga lalamiko na tusi:

"Ndugu mteja, tumesoma ujumbe wako. Maoni yako tuliyaondoa sisi, kwa sababu ya sentensi ya mwisho iliyomdhalilisha mhudumu wetu. Habari za mende na za malipo si kosa, na tungependa wageni wengine wazisome. Tunaomba uyaandike upya bila sentensi hiyo, nasi tutayachapisha. Tunaomba radhi kwa hali ya choo. Kuhusu malipo, tafadhali tuandikie kwa faragha namba ya risiti ili tuikague."

Mambo matatu yazingatiwe. Kwanza, neno la dharau halikurudiwa, kwani kulinukuu hadharani ni kulichapisha mara ya pili. Pili, ndugu imetumika kwa kuwa haikisii jinsia wala ndoa ya mtu asiyejulikana, kinyume na bwana au bibi. Tatu, radhi imeombwa kwa choo, ambacho ni wajibu wa nyumba, lakini si kwa malipo ambayo bado hayajakaguliwa. Radhi inayotolewa kwa kila kitu hupoteza uzito wake. Habari za risiti zimepelekwa faraghani kwa sababu jibu la hadhara husomwa na wasiohusika.

Msimamizi asiikate sentensi mbaya mwenyewe na kuacha zilizobaki chini ya jina la mteja. Kufanya hivyo ni kumwandikia mtu maneno yake, na kutathibitisha tuhuma ya kuficha.

Pale kosa ni la kichujio, kama katika kisa cha aliyeombwa malipo, hakuna la kumtaka mteja. Maoni yarejeshwe jinsi yalivyokuwa, na jibu litosheke na sentensi mbili: "Tuliyazuia maoni yako kimakosa na sasa tumeyarejesha. Tunaomba radhi."

6.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba kichujio kilichobuniwa kwa lugha zenye maneno yasiyobadilika sana hupotoka kikikutana na Kiswahili, na kwamba upotokaji huo huwaumiza wawili kwa pamoja: mlalamikaji mwaminifu anayefutwa na mtu anayetukanwa asilindwe. Msimamizi anaweza kujiuliza maswali matatu kwa mfuatano. Je, mtu ametolewa katika ngeli ya watu? Je, neno lina kitu halisi linachokirejelea? Je, tusi likiondolewa, linabaki lalamiko? Jibu la swali la tatu ndilo linaloamua kama mwandishi ataalikwa tena au mlango utafungwa. Inapendekezwa kwamba orodha za maneno zinazoandaliwa kwa ajili ya Kiswahili ziambatanishwe na maumbo ya ukuzaji na udogishaji, na zijaribiwe kwanza dhidi ya vitenzi vya kauli ya kutendwa kabla hazijakabidhiwa mashine.