Makato ya Benki Yanapozidi: Dhamana ya Kurudishiwa Fedha Nchini Uingereza

Makato ya moja kwa moja, yanayoonekana kama `Direct Debit` au `DD` kwenye taarifa ya akaunti nchini Uingereza, ni malipo ambayo mlipaji hayatumi mwenyewe. Kampuni inayodai ndiyo inayoyavuta. Mteja hujaza fomu ya idhini mara moja, akaandika namba ya akaunti na ya tawi, na tangu siku hiyo kampuni ya umeme, ya maji au ya bima huchukua chake kila ifikapo tarehe. Hapo ndipo yanapotofautiana na maagizo ya kudumu, ambayo mwenye akaunti hupanga mwenyewe ni pauni ngapi ziende kwa nani na lini.

Idhini hiyo ina jambo moja ambalo wengi hawaligundui: haitaji kiasi. Anayeisaini anaifungulia kampuni mlango wa akaunti yake bila kuiambia ichote kiasi gani. Mlango wa namna hiyo hauwezi kuachwa bila mlinzi, na mlinzi wake ni dhamana inayochapishwa kwenye fomu ya idhini kwa jina la `Direct Debit Guarantee`. Inatolewa na benki zote na vyama vyote vya akiba ya nyumba vinavyopokea idhini za makato haya.

Dhamana yenyewe ni aya chache tu. Kampuni ikitaka kubadili kiasi, tarehe au marudio ya makato, sharti imjulishe mteja mapema, kwa kawaida siku 10 za kazi kabla, isipokuwa wamekubaliana muda mwingine. Kosa likitokea katika malipo, liwe la kampuni au la benki, mteja ana haki ya kurudishiwa na benki yake kiasi chote kilicholipwa, na papo hapo. Anaweza pia kufuta idhini wakati wowote kwa kuiarifu benki.

Kosa basi hupimwaje, ikiwa idhini haina kiasi? Hupimwa kwa taarifa ya awali, yaani ile barua au baruapepe iliyomweleza mteja kitakachokatwa na siku yake. Fedha zilizokatwa zikitofautiana na taarifa hiyo, au zikikatwa bila taarifa yoyote, kosa limekwisha kuonekana. Mteja halazimiki kuthibitisha kwamba hadaiwi.

Tuchukue mfano wa mpangaji wa Leicester. Tarehe 3 Machi anapokea baruapepe ya kampuni ya umeme: kuanzia tarehe 20, malipo yake ya kila mwezi yatakuwa pauni 86. Tarehe 20 asubuhi anafungua simu na kukuta zimeondoka pauni 860. Kuna aliyebonyeza sifuri moja zaidi. Jioni hiyo kodi ya nyumba, inayokwenda kwa maagizo ya kudumu, inakataliwa kwa sababu salio halitoshi.

Wengi katika hali hiyo huipigia kampuni, wakakaa kwenye foleni ya simu nusu saa, kisha wakaahidiwa kwamba ziada itapunguzwa kwenye bili zijazo. Kampuni inaweza kulimaliza jambo vizuri, lakini dhamana haimlazimishi mteja kuanzia huko. Huyu wa Leicester anaipigia benki yake na kusema anadai chini ya `Direct Debit Guarantee`. Jina hilo litajwe hivyo hivyo kwa Kiingereza, kwa maana mhudumu akisikia tu kwamba “kampuni imenikata vibaya,” ni rahisi ajibu, “Zungumza na kampuni kwanza.” Anataja jina la kampuni kama linavyosomeka kwenye akaunti, tarehe, kiasi kilichokatwa, na kiasi kilichokuwa kwenye baruapepe. Maelezo zaidi ya hayo hayahitajiki sana.

Kinachorudi ni pauni 860 zote, wala si ziada ya 774 peke yake, kwa kuwa dhamana inasema kiasi kilicholipwa. Zile 86 za halali bado ni deni, na kampuni itazidai tena. Mwenye busara hazigusi.

Benki haingoji kampuni ikubali ndipo ilipe. Inamrudishia mteja kwanza, kisha inapeleka dai kwa kampuni kupitia mfumo wa Bacs, likiwa na namba ya sababu. Namba 1 ni ya kiasi au tarehe kutofautiana na taarifa ya awali. Kwa kawaida fedha huondolewa kwenye akaunti ya kampuni siku 14 za kazi baada ya dai. Kampuni haina ujanja wa kukataa kirahisi, kwa sababu kabla ya kuruhusiwa kukata ilitia saini ahadi ya kuzifidia benki madai ya aina hii. Ahadi hiyo ndiyo inayoifanya benki iwe na ujasiri wa kulipa haraka.

Hata hivyo kampuni inaweza kuleta dai la kupinga, ikaonyesha kwa mfano kwamba taarifa ilitumwa na kiasi kililingana. Ikibainika kwamba mteja hakustahili, dhamana yenyewe inamtaka azirudishe fedha kampuni itakapozidai.

Mipaka ya dhamana inaonekana vizuri hapo hapo Leicester. Kodi iliyokataliwa ikileta faini ya mwenye nyumba, faini hiyo haimo, maana dhamana hurudisha malipo yenyewe, si hasara zilizozaliwa nayo. Hiyo hudaiwa kwa kampuni kwa malalamiko ya kawaida. Vivyo hivyo ugomvi wa mkataba haumo. Mwanachama wa ukumbi wa mazoezi aliyekatwa pauni 40 zilizokubaliwa, kwa tarehe iliyokubaliwa, hawezi kudai kwa sababu mashine zilikuwa mbovu au hakukanyaga huko mwezi mzima. Kufuta idhini nako husimamisha makato tu. Deni na mkataba hubaki palepale.

Kuna pia makato yanayofanana na haya lakini si haya. Kampuni ikiwa ilichukua namba ndefu iliyo usoni mwa kadi badala ya namba ya akaunti na ya tawi, hayo ni malipo ya kadi ya kujirudia, na dhamana hii haiyagusi. Njia ya kujua ni kutazama orodha ya `Direct Debits` ndani ya programu ya benki; jina la kampuni lisipokuwamo, huenda ni kadi.

Benki ikikataa dai, mteja huandika malalamiko rasmi kwa benki hiyo. Akipewa jibu la mwisho lisilomridhisha, au muda uliowekwa wa kujibu ukipita bila jibu, anaweza kulipeleka shauri kwa msuluhishi wa huduma za fedha, `Financial Ombudsman Service`, bila malipo. Baada ya jibu la mwisho ana miezi 6 ya kufanya hivyo.

Kwa wanaohama kutoka Ulaya bara, tofauti ya muda ni kubwa. Katika mfumo wa SEPA, makato yaliyoidhinishwa hudaiwa ndani ya wiki 8 na yasiyoidhinishwa ndani ya miezi 13. Dhamana ya Uingereza haikuweka ukomo wa muda. Kosa la miaka mitatu iliyopita linaweza kudaiwa leo, lakini mteja atahitaji kuonyesha taarifa ya awali ilisema nini. Kwa hiyo baruapepe ile ya pauni 86 isifutwe.