Lubumbashi: Kuulizwa watoto ni salamu, kuulizwa asili ni swali zito

"Jambo, papa. Bibi iko? Batoto beko muzuri?"

Mgeni anayefika Lubumbashi, mji mkuu wa mkoa wa Haut-Katanga, hukutana na maneno kama haya kabla hajapata kiti. Anayeuliza anaweza kuwa dereva wa teksi au mama anayeuza makaa njiani, na ikiwa mgeni atasema ana watoto wawili, huenda akaulizwa kwa nini wawili tu. Wazungu wengi hushtuka. Kwao mazungumzo na mtu usiyemjua hufunguliwa kwa hali ya hewa au safari, na mambo ya ndoa husubiri urafiki.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa hatashangaa sana, maana hata kwake salamu hupita nyumbani kwanza. Lakini Lubumbashi swali la mke na watoto lina historia yake, na historia hiyo iko kwenye shaba.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Miaka yake ya mwanzo ilitegemea wanaume walioletwa peke yao kwa mikataba mifupi, wengi wakitoka mbali. Waliugua, wakafa, wakatoroka. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili mwendo: ikaanza kuwataka wafanyakazi waje na wake zao na wakae. Aliyeoa alipewa nyumba kambini, na posho ya chakula ikahesabiwa kwa ajili yake, ya mkewe na ya watoto wake. Kukawa na huduma za uzazi, na shule za watoto wa kambi.

Hebu fikiria maana yake. Karani anapouliza "Umeoa? Watoto wangapi?", majibu yanageuka kuwa unga. Familia kubwa haikuwa siri ya mtu. Ilikuwa imeandikwa kwenye daftari la kazini. Sisemi kwamba salamu ya watoto ilizaliwa kwenye foleni ya posho, maana watu waliokusanyika pale walikuja na desturi zao za kuuliziana nyumba. Ila kambini desturi hiyo ilipata ushahidi wa kila siku kwamba anayeuliza habari za watoto anauliza kama mnakula. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2001, kuhusu familia za wafanyakazi hao na jinsi mamlaka ya baba yalivyopanda na kushuka pamoja na kampuni.

Kwa hiyo anayekuuliza leo haombi hesabu kamili. Chukua mgeni ambaye hajaoa. Akijibu "Bado", mwenzake atasema Mungu atasaidia, na mazungumzo yatasonga mbele kwenda kwenye bei ya usafiri au joto la mwezi wa kumi. Akijibu kwamba hana watoto na wala hataki, mambo hukwama. Si kwamba amekosea. Ni kwamba mwenzake sasa hajui ampe pole au acheke. "Bado" ni mlango ulioachwa wazi, na hakuna atakayeuliza mpaka lini.

Hata wenyeji wana mahali pa kusimama. Mwanamke aliyekaa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto haulizwi hivyo na wanaomjua. Wao humuuliza habari ya nyumba, neno pana linalomwachia nafasi ya kuchagua jibu. Na mtu akisema tu "Mungu iko", kisha upesi akakurudishia swali, ujue amefunga.

Umri ni jambo jepesi zaidi, kwa sababu mara nyingi hauhitaji kuulizwa. "Mama" ni heshima, na huweza kumwangukia msichana wa miaka ishirini ambaye hajaolewa. Dada wa Nairobi anaweza kudhani ameambiwa amezeeka. Hajaambiwa hivyo. Aliyekuzidi kidogo ni "yaya", kaka au dada mkubwa, na hapo jicho linatosha. Linganisha na Korea Kusini, ambako watu wanaokutana huulizana umri mapema kwa sababu namna ya kusema yenyewe hubadilika kulingana na mkubwa na mdogo.

Mshahara ni habari nyingine. Kwa Wachina, ambao wako wengi katika migodi ya Katanga, kumuuliza mtu anapata kiasi gani kumekuwa kwa muda mrefu ishara ya kumjali, hasa mwulizaji akiwa mzee, ingawa vijana wao wenyewe hulalamika wakiulizwa mshahara na ndoa na shangazi zao wakati wa Mwaka Mpya. Kwa Lubumbashi kutaja kiasi ni kujifungulia mlango wa maombi: ada ya mtoto wa ndugu, dawa, kilio cha jirani.

Tena kuna jeraha. Gécamines, iliyorithi mali ya Union Minière mwaka 1967, ilianguka katika miaka ya 1990, na wafanyakazi wakakaa miezi na miezi bila kulipwa. Kuanzia mwaka 2003, katika mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, watu 10,655 waliondolewa kazini kwa jina la "kuondoka kwa hiari". Kumuuliza baba wa nyumba kama hiyo alipata kiasi gani kulikuwa kumvua nguo. Swali la kirafiki ni jingine: "Balisha kulipa?", yaani, wamekwisha kulipa? Hapo lawama iko kwa mwajiri, na wawili mnaweza kulalamika pamoja.

Basi mgeni wetu, akiwa amekwisha kujibu habari za mke na watoto, anataka naye kuonyesha ukarimu. Anauliza swali ambalo Dar es Salaam huishia kwenye utani wa makabila na kicheko: "Wewe ni mtu wa wapi? Kabila gani?"

Hapa ndipo uso wa mwenyeji unaweza kufunga. Kampuni ya madini na reli ziliajiri watu wengi kutoka Kasai, na wajukuu wao wakazaliwa Katanga. Wakati wa kujitenga kwa Katanga, mwaka 1960 hadi 1963, asili ya mtu ilikuwa jambo la usalama wake. Ikarudi tena Agosti 1992, Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, alipochaguliwa waziri mkuu na Mkutano wa Kitaifa. Chini ya gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza, watu wenye asili ya Kasai waliitwa "bilulu", wadudu, wakafukuzwa makazini na majumbani. Mamia ya maelfu waliondoka katika miaka hiyo ya 1992 na 1993, wengi wakisongamana kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni ya kwenda sehemu ambayo baadhi yao hawakuwahi kuiona.

Aliyekuwa mtoto kwenye stesheni ile leo ni mtu mzima, na huenda ndiye anayekuendesha teksi. "Uko mutu ya wapi?" si lazima iwe na ubaya, lakini lazima kwanza apime ni nani anauliza na kwa nini. Akijibu "Niko wa hapa", usiongeze "hapana, kwa asili".

Wenyeji wenyewe mara nyingi hupitia njia nyingine: "Unakaa fasi gani?" Mji una komuni saba, na jibu hufungua mengi bila kumgusa babu wa mtu. Ukiambiwa Kenya, usidhani ni nchi. Ni komuni yenye soko kubwa na kelele zake. Ukiambiwa Golf, swali la mshahara limekwisha kujibiwa.