Si Kila Baka Jeupe ni Mbalanga

Kila masika yanapopita visiwani, huonekana watu wenye mabaka meupe shingoni, kifuani na mgongoni. Kwa kuwa hayawashi, wengine huyapuuza, na wengine hunong'ona kwamba mwenzao ameingiwa na mbalanga. Twaona yafaa mambo haya mawili yatenganishwe.

Mabaka mengi ya namna hiyo ni mba, nayo huletwa na kuvu. Kuvu huyo huishi juu ya ngozi ya kila mtu na hula mafuta yake. Joto na jasho vizidipo, huongezeka, akatoa asidi inayozuia ngozi kutengeneza rangi yake. Mbalanga ni jambo jingine kabisa. Humo kinga ya mwili wenyewe huziua chembe zitengenezazo rangi. Hauambukizi, wala haukuletwa na uchafu.

Tuchukue mfano wa mvuvi mwenye mabaka mabegani. Na alikwangue baka kwa ukucha, taratibu. Likitoa unga mwembamba kama pumba, yaelekea ni mba. Likiwa laini, lisilo na unga, jeupe kama chokaa, hasa likiwa midomoni, kandokando ya macho au vidoleni, na pengine pande zote mbili za mwili, hapo mbalanga hushukiwa.

Mvuvi wetu akionekana ana mba, hupewa sabuni ya maji yenye ketokonazo ya asilimia 2. Huipaka, huiacha kwa dakika tano, kisha huoga, mara moja kwa siku kwa siku tano. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kuvu hufa, lakini weupe hubaki kwa miezi, kwa kuwa rangi hurudi polepole. Mgonjwa hudhani dawa imeshindwa, akakimbilia mafuta makali ya dukani. Alikwangue tena: ikiwa unga hautoki, dawa imekwisha fanya kazi, na kilichobaki ni subira. Mba waweza kurudi masika mengine, na hilo si dalili kwamba tiba ya kwanza ilikuwa mbovu.

Lipo baka la tatu lisilowasha, nalo halitaki kungojewa: la ukoma. Mgonjwa afumbe macho, aguswe juu ya baka kwa uzi wa pamba. Asipohisi kitu, aende hospitali siku hiyo hiyo. Ukoma hupona, na dawa zake hutolewa bure, ukicheleweshwa hulemaza.

Kwa wakuu wanaohusika twasema hivi: kipande cha kioo, tone la potasiamu haidroksaidi na hadubini vyatosha kumwonyesha tabibu kuvu huyo. Kituo chenye hadubini ya kupimia malaria kimekwisha kupata kilicho ghali zaidi. Kilichobaki ni kuagiza kwamba baka likwanguliwe na lipimwe, kabla mtu hajatengwa na wenzake kwa ugonjwa asiokuwa nao.