Kisanduku Kitupu Kwenye Karatasi ya Dawa

Kila mtoto aliyelazwa wodini ana karatasi yake ya dawa. Upande mmja yameandikwa majina ya dawa, kipimo cha kila moja na njia ya kuitoa, iwe kwa mdomo, kwa mshipa au kwa msuli. Upande wa pili kuna visanduku vya tarehe na saa. Muuguzi akishatoa dawa huandika saa aliyoitoa na kutia herufi za jina lake. Ni kazi ya sekunde chache, na isipofanyika, atakayeisoma karatasi hiyo baadaye hana namna ya kujua kama dawa haikutolewa au ilitolewa na mtu akasahau kuandika. Karatasi inaonekana vilevile katika hali zote mbili, na hapo ndipo mtoto anapoweza kuchomwa sindano moja mara mbili.

Tuchukue mfano wa mtoto wa kilo 8, mwenye umri wa miezi tisa hivi, aliyelazwa kwa nimonia kali. Dawa zinazotumika sana kwa hali hiyo katika hospitali zetu ni ampisilini, inayotolewa kila baada ya saa sita, na gentamisini, inayotolewa mara moja tu kwa siku. Kipimo cha gentamisini kwa mtoto wa umri huo ni miligramu 7.5 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mtoto wetu anastahili miligramu 60. Ampuli ya kawaida ina miligramu 80 katika mililita 2, na muuguzi atavuta mililita 1.5 kisha kumwaga kinachobaki. Famasia imetoa ampuli 5 za siku tano, zimewekwa kwenye mfuko wenye jina la mtoto.

Siku ya pili, saa nne na dakika kumi asubuhi, muuguzi wa zamu anamchoma mtoto gentamisini kupitia kanula. Kabla hajashika kalamu, mtoto wa kitanda cha jirani anaanza degedege. Anakimbilia huko, kama inavyompasa. Degedege linatulia, anaitwa kumpokea mgonjwa mpya, na hadi zamu inabadilishwa saa nane mchana kile kisanduku bado ni kitupu. Wakati wa kukabidhiana wodi hakuna anayekitaja.

Saa tisa alasiri muuguzi wa mchana anapitia karatasi na kuona gentamisini ya asubuhi haikutiwa sahihi. Anamuuliza mzazi, "Mama, mtoto alichomwa sindano asubuhi?" Mama anajibu, "Ndiyo sista, alichomwa." Lakini mtoto alichomwa ampisilini pia, nayo imeandikwa vizuri. Mama aliona bomba la sindano na dawa isiyo na rangi ikiingia kwenye mkono wa mwanawe. Hakuambiwa jina lake. Muuguzi anaamua kwamba mama anazungumzia ampisilini, anavuta mililita 1.5 nyingine na kumchoma. Sasa mtoto ameingiwa na miligramu 120 ndani ya saa tano, badala ya 60 kwa siku nzima.

Jibu lilikuwa ndani ya ule mfuko. Siku ya kwanza ilitumika ampuli moja, kwa hiyo kama dozi ya asubuhi haikutolewa zingebaki 4. Angezihesabu kabla ya kuvuta dawa angekuta 3. Angeweza pia kumpigia simu mwenzake aliyeondoka zamu. Na kama vyote viwili havikumpa jibu, alipaswa kumuuliza daktari kabla ya kuchoma, kwa sababu gentamisini iliyochelewa saa moja wakati watu wanaulizana haina hatari sawa na iliyorudiwa. Jambo ambalo muuguzi hatakiwi kufanya kabisa ni kumtilia sahihi mwenzake kwa kudhani kwamba "lazima alitoa".

Wapo wanaojaribu kuukwepa usahaulifu huu kwa kutia sahihi mapema. Wanaketi mezani, wanajaza visanduku vyote vya saa nne, halafu wanasukuma toroli la dawa. Naelewa kinachowasukuma, hasa pale muuguzi mmoja anapohudumia wodi nzima, lakini njia hii inaleta kosa la upande wa pili. Akifika kitandani anakuta kanula imeziba, au mtoto amepelekwa kupigwa picha ya kifua, au dawa imekwisha. Karatasi inasema amepata, naye hajapata. Daktari atakayepita kesho ataona homa haijashuka ingawa mtoto "amepata dozi zote", na huenda akambadilishia dawa ambayo kwa kweli haijajaribiwa. Ndiyo maana sahihi huwekwa baada ya dawa kuingia mwilini, pale pale kitandani, kabla ya kumgeukia mgonjwa mwingine. Na dozi isiyotolewa nayo ina maandishi yake: muuguzi huweka alama inayotumika katika hospitali hiyo na sababu fupi, mathalani "kanula imetoka" au "mama amekataa", pamoja na jina la aliyearifiwa.

Kuna jambo la saa ambalo kwetu lina uzito wa pekee. Karatasi nyingi za hospitali huandikwa kwa saa 24, ambapo saa nne asubuhi ni 10:00, huku mdomoni sote tunasema saa nne. Muuguzi aliyechoka akiandika "4" kisha "10" kwenye karatasi moja, msomaji wa usiku anaweza kuona alfajiri mahali palipo asubuhi. Kinachoandikwa ni saa halisi ya kutoa, kwa mtindo wa karatasi yenyewe. Kama dawa ya 10:00 imetolewa 11:40, iandikwe 11:40, maana dozi inayofuata itahesabiwa kutoka hapo.

Turudi kwa mtoto wetu. Saa kumi na nusu muuguzi wa asubuhi anakumbuka akiwa nyumbani na kupiga simu wodini: "Dada, ile gentamisini ya kitanda cha sita niliitoa, nimesahau kutia sahihi." Mwenzake anakwenda kwenye mfuko. Ampuli zimebaki 2.

Kabla ya fomu yoyote, anamwangalia mtoto: anavyopumua, mapigo ya moyo, kama anachangamka na kunyonya, na lini alikojoa mara ya mwisho. Kisha anampigia daktari, na maneno anayosema simuni ndiyo taarifa iliyo muhimu kuliko zote: "Daktari, nina mtoto wa kilo 8 mwenye nimonia, siku ya pili ya matibabu. Ameandikiwa gentamisini miligramu 60 mara moja kwa siku. Amepata 60 saa nne na dakika kumi asubuhi na 60 nyingine saa tisa alasiri, zote kwa mshipa. Anapumua kama alivyokuwa asubuhi, ananyonya, na nepi ya mwisho yenye mkojo ilibadilishwa saa nane. Hana historia ya ugonjwa wa figo, na hapati dawa ya kuongeza mkojo. Sijampa kitu kingine. Nifanye nini?"

Kila kipande cha taarifa hiyo kina kazi. Uzito unamwezesha daktari kuona kwamba jumla imefika miligramu 15 kwa kilo, mara mbili ya kipimo. Saa zinamwonyesha dawa imekaa mwilini kwa muda gani. Swali la dawa ya kuongeza mkojo lipo kwa sababu furosemidi ikiwa pamoja na gentamisini huzidisha hatari ya kuharibu masikio. Na mkojo ndio njia ambayo gentamisini hutokea mwilini. Muuguzi akisema tu "nimezidisha dawa kidogo", daktari hana cha kushika.

Gentamisini ina ugumu wake: madhara yake kwa figo na masikio hayaonekani siku hiyo. Mtoto anaweza kucheka jioni nzima, na hali hiyo isiwe ushahidi wa lolote. Kwa bahati nzuri, dozi moja iliyorudiwa kwa mtoto mwenye figo nzima na maji ya kutosha mwilini kwa kawaida haiachi madhara. Hofu huwa kubwa zaidi kwa mtoto mchanga, kwa aliyeishiwa maji kwa kuhara, na kwa mwenye figo dhaifu. Daktari ataagiza dozi ya kesho isitolewe mpaka aseme yeye, damu ipimwe kreatinini, mtoto apate maji ya kutosha na mkojo uandikwe. Kwa kilo 8, mkojo unatarajiwa kuwa angalau mililita 8 kwa saa. Wodini hupatikana kwa kupima nepi kwenye mizani kabla na baada ya kuvaliwa.

Baada ya hapo ndipo karatasi hurekebishwa, na hurekebishwa kwa kuongeza, si kwa kuondoa. Dozi ya alasiri inabaki ilivyoandikwa. Ya asubuhi inaandikwa na aliyeitoa anaporudi kazini, ikionyesha wazi kwamba imeandikwa baadaye: ilitolewa 10:10, imeandikwa tarehe fulani saa fulani, na sahihi yake. Kwa sasa, mwenzake anaandika kwenye maelezo ya mgonjwa kwamba amearifiwa kwa simu, na nani, na saa ngapi. Neno lililokosewa hukatwa kwa mstari mmoja ili liendelee kusomeka. Kuipaka rangi nyeupe, au kuichana karatasi na kunakili mpya iliyo safi, kunamnyima daktari wa kesho historia ya kweli ya mgonjwa wake. Faili la mtoto hubeba mambo yaliyotokea tu: dawa, kiasi, saa, hali ya mtoto, daktari aliyearifiwa, alichoagiza.

Fomu ya taarifa ya tukio ni kitu kingine, nayo humwendea msimamizi wa wodi na kamati husika. Humo ndimo huandikwa mazingira: degedege la kitanda cha jirani, idadi ya wagonjwa kwa muuguzi mmoja, makabidhiano yaliyofanyika mezani bila kupita kila kitanda na karatasi yake. Bila maelezo hayo, msimamizi ataona majina mawili ya kukaripia na hatagusa utaratibu wa makabidhiano. Nchini Kenya, Bodi ya Famasia na Sumu hupokea pia taarifa za makosa ya dawa. Tanzania, madhara yanayoshukiwa kutokana na dawa hupelekwa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Hata pale kosa liliposhtukiwa kabla ya sindano kuingia, taarifa ina faida, kwani mwanya ni ule ule.

Mama naye anapaswa kuambiwa siku hiyo hiyo, na daktari pamoja na muuguzi, kwa lugha ya kawaida: mtoto amepata sindano moja mara mbili, ni dawa gani, nini kinafanyika, na yeye aangalie nini. Aseme mara moja mkojo ukipungua, mtoto akitapika sana au akilegea. Na ana haki ya kuuliza jina la dawa kila bomba linapokuja kitandani; angelijua asubuhi ile, jibu lake la alasiri lingetosha kuzuia dozi ya pili.

Wakati wa kuruhusiwa, karatasi ya kutokea iandikwe kwamba mtoto alizidishiwa gentamisini, tarehe na kiasi, pamoja na majibu ya kreatinini. Mhudumu wa kliniki atakayemwona baadaye ataweza kuuliza kama mtoto hushtuka mlango ukibamizwa na hugeuka akiitwa kutoka nyuma, na akiwa na shaka amwandikie rufaa ya kupimwa masikio.